Maksai Mwenye Meno ya Juu

Uongo nilianza kuusema kabla sijajua kusoma, lakini ule wa mwaka 1974 niliusema nikiwa mtumishi, tena mbele ya meneja, na ndiyo maana umenigharimu.

Nilikuwa nashughulikia vitabu katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale Musoma. Kisomo kilikuwa kimepamba moto, watu wazima wanasoma, watoto wanataka vyao. Tukaamua kutoa kitabu cha picha, kurasa ishirini na nne, habari za maksai anayelimia kijiji kizima. Maneno niliandika mimi. Picha tulimpa Nyamburi wa Kabasa, Bunda, ambaye mabango yote ya maduka mji ule yalikuwa yametoka mkononi mwake.

Mchoraji hapewi kitabu tu akaambiwa chora. Anaandikiwa maelekezo: ukubwa wa ukurasa, nafasi ya maneno iachwe wapi, nani anaonekana na anafanya nini. Mimi, kwa kuwa ulimi wangu haujui kukaa, niliandika ukurasa wa tatu hivi: "Maksai awe mkubwa hata kivuli chake kianzie Kiabakari kiishie Butiama." Michoro ya penseli ilipokuja, ukurasa wa tatu ulikuwa mweusi kuanzia juu mpaka chini. Kivuli kitupu. Pembeni ameandika: "Maksai mwenyewe yuko Kiabakari, hakuenea."

Basi nikamwomba sahihisho, kwa adabu, naye akachora tena. Ndivyo tulivyokuwa tumeandikiana: sahihisho moja kwenye penseli, moja kwenye wino, la tatu ni kwa hiari ya mchoraji. Hati niliipiga chapa mwenyewe, na kaboni katikati ili kila mtu abaki na nakala. Ilisema pia kwamba michoro ni ya kitabu hicho tu, chapa ya kwanza, nakala elfu tano. Jina lake liwemo. Karatasi zake zirudi kwake. Na matumizi mengine yoyote aulizwe kwanza.

Maksai alitoka kama yuko hai. Mweusi, na alama nyeupe kwenye paji la uso iliyopinda kama mwezi mchanga. Ndugu Isidori, meneja wetu, alimtazama hata chai ikapoa. Akaniuliza haki za picha ziko kwa nani. Nami, kwa kutaka tu kuonekana hodari, nikajibu, "Zote zetu, Ndugu Meneja. Nilimshika vizuri."

Sentensi moja. Jumatatu ile ile akaenda akawaahidi watu wa ushirika wa pamba kwamba yule maksai atakaa kwenye kalenda yao ya mwaka 1975. Lori la kupeleka picha Mwanza kutengenezewa mabamba ya kuchapia lingeondoka Ijumaa asubuhi.

Siku ile sikula. Usiku nilihesabu mabati ya paa. Jumatano alfajiri nikachukua baiskeli ya ofisi, na nakwambia nilifika Kiabakari kabla upepo haujafika. Nilipoegesha ndipo ulipokuja ukanipita, unahema. Kutoka hapo nikapata gari la pamba hadi Bunda.

Nyamburi nilimkuta juu ya ngazi anaandika bango la fundi cherehani. Nilizunguka ile ngazi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasifia herufi. Nikauliza hali ya mama yake. Nikasema joto limezidi. Akateremka, akafuta brashi, akaniambia nikae, nikashindwa kukaa.

"Ndugu Kasmiri, umefukuzwa kazi?"

"Bado."

Nikatoa karatasi mpya niliyoipiga chapa, ya kutupatia haki zote, nikamwambia ni utaratibu mdogo tu wa ofisi. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akaingia ndani akarudi na nakala yake ya kaboni, akaziweka pamoja mezani.

"Hii inasema muniulize. Hii inasema musiniulize tena mpaka nife. Meneja ulimwambia nini?"

Nilijaribu njia tatu za kulikwepa swali, zote zikanirudisha pale pale mezani. Mwisho nikasema, "Nilimwambia umetupa zote."

"Na mimi nilikupa?"

"Hapana."

Hakukasirika, na hiyo ilinitia hofu zaidi. Akanieleza kwamba yule maksai si wa kubuni. Alikuwa wa mama yake, ndiye aliyelima shamba lililomsomesha, na alikufa msimu uliopita. Mama alikubali achorwe kwa sababu ni kitabu.

"Kitabu mtoto akikirarua anachapwa," akasema. "Kalenda ikifika Januari inafungiwa furu sokoni. Wewe mwenyewe ulikuwaga unakula furu wamefungwa kwenye kalenda, nimekuona. Maksai wa mama hatafungiwa samaki."

Nikamwambia basi nimekwisha, maana lori ni keshokutwa. Alinitazama nikizunguka, labda akanihurumia, labda alikuwa keshapata wazo. Akasema atachora maksai mwingine, asiye wa mtu yeyote, kwa ajili ya kalenda peke yake, kwa mwaka huo mmoja, jina lake likiwa pembeni. Masharti ya masahihisho ni yale yale. "Lakini maelekezo uandike hapa hapa, mbele yangu. Na usiweke hata uongo mmoja."

Niliandika juu ya kipande cha mfuko wa saruji. Maelekezo mafupi kuliko yote niliyowahi kuandika: maksai mmoja, wa kahawia, anasimama shambani, anamtazama msomaji, ana furaha. Furaha niliiweka kwa ajili ya ushirika. Hakuna anayetaka kutazama ng'ombe mwenye huzuni miezi kumi na miwili.

Jioni akaniletea penseli. Mimi macho yapo barabarani, nasikiliza magari. Nikaona mkia mfupi, nikasema aurefushe. Akaurefusha. Kesho yake akaleta wino, nikaona pembe moja imekaa chini, nikasema ainyanyue. Akainyanyua, akauliza kama nimeridhika kabisa, maana yamekwisha mawili. Nikasema nimeridhika, nikasaini, nikakimbilia gari. Picha ikaingia kwenye lori ndani ya bahasha iliyofungwa, meneja hajaiona.

Kumbuka mimi nimekulia Musoma ziwani. Ng'ombe nilikuwa nawajua kwenye sahani.

Kalenda zilipofika Desemba, ya kwanza ilibandikwa kwenye ghala la pamba Bunda, na mimi nilikuwepo. Mkulima mmoja, Mzee Wanzagi, akaisogelea, akainama, akaita wenzake.

"Huyu mnyama anakula nyama," akasema. "Tazameni, ana meno ya mbele ya juu."

Ghala zima likaja. Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu, jambo ambalo kila mtoto wa Butiama analijua. Huyu alikuwa nayo, safu nzima, amecheka kwa furaha kama maelekezo yalivyosema, na katikati kuna pengo pana. Mzee Wanzagi akageuka kunitazama. Mimi, kwa bahati mbaya, nilikuwa nacheka, pengo langu la mbele wazi.

"Hee," akasema. "Kumbe tunaye hapa."

Isidori alitaka Nyamburi aitwe arekebishe kabla hazijachapwa nyingine. Nikamfungulia hati, nikamsomea: la tatu kwa hiari ya mchoraji. Aliulizwa. Hiari hakuwa nayo. Ndipo ikabidi nimweleze meneja kila kitu tangu mwanzo, na adhabu yangu ikawa kwamba kalenda ile itundikwe mbele ya meza yangu.

Kitabu kilitoka Machi, maksai wa mama na mwezi wake kwenye jalada. Karatasi za wino nilizirudisha Kabasa kwa mkono wangu, zote, nimezihesabu mara mbili.

Mwaka mzima wa 1975 nilicheka nimefumba mdomo. Januari iliyofuata nikaenda sokoni Musoma kununua furu wa kukaanga. Nilipofungua karatasi nyumbani, nikakuta meno yangu, yamelowa mafuta.