Ukijani kwenye Miwani

Kijiji kizima cha Mofu kilizijua sufuria za Mbuke. Ukipita uani kwa mkwewe, Mama Yosefina, asubuhi ungezikuta zimefudikizwa kichanjani, zinang'aa mpaka kuku wanajiona humo na kutaka kupigana na wenzao wasiokuwepo. Wanawake wa jirani walimsifia, na wengine walimsifia huku wamebetua midomo, maana sifa nyingine bwana zina wivu ndani yake. Dawa yake ilikuwa moja tu: majivu ya pumba za mpunga. Alichoma pumba, akachekecha majivu, akasugua. Tangu mumewe Faustino amtoe kwao Usukumani na kumleta huku bondeni, hakuna chombo cha nyumba ile kilichomshinda kwa uchafu.

Kwa hiyo mama mkwe alipoletewa miwani kutoka Ifakara, Mbuke hakungoja kutumwa. Kila alfajiri, kabla mkwewe hajaamka, aliichukua pale kwenye kigoda, akachovya kidole kwenye majivu, akaisugua lenzi moja baada ya nyingine, akaisuuza na kuirudisha. Ni heshima. Mama Yosefina ndiye aliyemfundisha kusuka ukili wa mikeka, ndiye aliyemuuguza alipoharibikiwa mimba, usiku na mchana bila kusema neno la kumuumiza. Kumwoshea miwani ni kitu gani hapo?

Kitu kimoja tu kilimkera. Ukiielekeza miwani ile dirishani, lenzi zilitoa ukijani fulani, kama maji ya bwawa yaliyolala. Mbuke akaapa kwamba ukijani ule utatoka. Akaongeza majivu. Miezi ikapita, na ukijani ukaanza kumegeka katikati, vipande vipande, naye akafurahi kama mtu aliyemfukuza panya ghalani.

Lakini miwani ikizidi kutakata, Mama Yosefina alizidi kutoona. Kwanza alisema kuna ukungu. Kisha akaanza kuukosea mkeka, rangi nyekundu ikaingia palipotakiwa nyeusi, mtu ambaye alikuwa akisuka huku anapiga soga na kugeuka kumwangalia msemaji. Siku moja akamimina chai pembeni ya kikombe. Mbuke akafuta meza haraka, lakini habari ya chai ilikwishatoka mlangoni, ikafika mpaka kwenye mashamba ya miwa, kwa Amedeus, mwanawe mkubwa aliyeajiriwa huko.

Amedeus alipiga simu. Alisema Jumamosi anakuja na gari kumchukua mama akaishi naye kwenye nyumba za wafanyakazi. Mama haoni, Faustino hashindi nyumbani, yuko dagoni, kwenye kambi ya wavuvi, na nyavu zake, basi yatosha.

"Sitoki Mofu," alisema Mama Yosefina baada ya simu kukatwa. "Nimemzika baba yao hapa. Nina bustani yangu. Nikakae kwenye vyumba viwili nikisubiri watu warudi kazini? Sitoki."

"Hutoki, mama," alisema Mbuke. "Kesho tunakwenda Ifakara kupima macho."

Alisema kwa nguvu kuliko alivyozoea kusema mbele ya mkwe. Alikuwa amejifunga kibwebwe. Kama ni macho yatibiwe. Mtu hahamishwi kwake kama gunia.

Duka la miwani lilikuwa jirani na soko. Mtaalamu alikuwa mwanamke wa makamo, anaitwa Ritha, mwenye sauti ya taratibu na mikono isiyo na papara. Alimwamkia Mama Yosefina shikamoo, akamkalisha, akayaangalia macho yake kwa taa, kisha akamvalisha fremu nzito ya kupimia na kuipachikia lenzi za kipimo kilekile cha miwani yake ya zamani.

"Soma, mama."

Mama Yosefina akasoma. Akashuka mstari kwa mstari mpaka zile herufi ndogo za chini kabisa, akamaliza na kuuliza kama kuna nyingine.

Mbuke aliinuka bila kujua kwamba ameinuka. Furaha ilimjaa kifuani.

"Mtoto wa jicho ameanza kuchungulia," alisema Ritha, "lakini bado mdogo sana, siye anayekuzuia. Tutamwangalia kila mwaka. Macho yako ni yaleyale. Hebu tuone miwani."

Aliichukua, akaiinamisha chini ya taa, akaigeuza huku na huku. Kisha akamwita Mbuke asogee.

"Unaona hii michirizi? Inazunguka, inazunguka. Huu ni mkwaruzo wa kusugua. Na hapa," akaonyesha kwa ncha ya kalamu, "lenzi hizi zilikuwa na utando wa kuzuia mng'aro. Ndio unaotoa ule ukijani ukiinamisha miwani kwenye mwanga. Pembeni, karibu na fremu, bado upo. Katikati umekwisha, umebaki viraka. Mwanga ukipiga hapo unatawanyika, na mama anaona ukungu. Mnaisafisha na nini?"

Mbuke akaiinamia miwani. Pembeni, karibu na fremu. Pale kidole chake kilipokuwa hakifiki.

Kabla hajafungua mdomo, Mama Yosefina alijibu. "Na kanga yangu. Naifuta na kanga."

Hakumwangalia mkwewe. Alijua vizuri nani huiosha miwani ile, maana usingizi wa wazee ni mwepesi. Aibu ikamchoma Mbuke mpaka masikioni.

"Kanga kavu ina vumbi, mama, na vumbi ni mchanga," alisema Ritha. "Isuuze kwanza kwa maji ya baridi, vumbi liondoke. Kisha tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, paka kwa ncha za vidole taratibu, suuza, kausha na kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa. Basi. Maji ya moto hapana, na usiiache karibu na jiko, joto linaupasua utando."

"Na hii iliyokwaruzika?" Mbuke aliuliza. "Haisuguliki ikarudi?"

"Hairudi. Watu wanapaka dawa ya meno, wanaongeza mikwaruzo tu. Utando ukishamegeka ni kubadilisha lenzi. Fremu yenyewe ni nzima, ila imepinda."

Akaiweka juu ya meza, na kweli, mkono mmoja wa miwani ulining'inia bila kugusa meza. Ritha akamwambia Mama Yosefina kwamba hiyo ni kazi ya kuivua kwa mkono mmoja, na kwamba ikishapinda inateleza puani, kile kipande cha chini cha kuonea karibu kinashuka mno, na ukili unakuwa mbali na jicho. Akakaza skrubu, akaupasha joto ule mkono peke yake, akaukunja kidogo kidogo nyuma ya sikio, akamvalisha, akamtazama usoni, akaivua tena na kurekebisha. Mara ya tatu ilikaa.

Lenzi mpya zingetoka Dar es Salaam. Zingefika wiki ifuatayo. Amedeus angefika Jumamosi.

Walipofika nyumbani Mbuke alisema, "Mama, kwa nini ulisema kanga?"

"Kwa sababu ukisema majivu, Amedeus atakuweka wewe kwenye kikao cha ukoo, na mimi atanipakia garini. Nyamaza."

Mbuke hakulala vizuri. Akinyamaza, shemeji ataamini mama haoni. Akisema, ataonekana ndiye aliyempofusha. Kote mama anaondoka. Hata hivyo alipoamka alikuwa ameshaamua: ukweli una mtaalamu wa kuuthibitisha na una miwani yenyewe, uongo wa kanga hauna kitu.

Amedeus alifika na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Naye alikuwa mtu wa miwani. Alisalimia, akakaa, akamsikiliza mama yake akieleza kwamba macho ni mazima, ni miwani iliyoharibika kwa kufutwa na kanga.

"Mama, mtu asiyeweza kutunza miwani atajitunza mwenyewe?" alisema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Nimekwishaongea na mke wangu. Begi lako ninalo." Na kweli alikuwa amekusanya nguo za mama kwenye begi na kulipeleka garini kabla hata ya chai. Alivua miwani yake, akavuta pindo la shati lililojaa vumbi, akaanza kuifuta.

"Shemeji, usifute hivyo!"

Mbuke mwenyewe alishtuka. Amedeus akaacha mkono hewani.

"Naomba hiyo miwani yako," alisema Mbuke, na safari hii hakushtuka. Akaipokea, akaiweka sambamba na ya Mama Yosefina mlangoni penye mwanga. "Angalia. Yako ina ukijani lenzi nzima. Ya mama ina ukijani pembeni tu. Katikati niliutoa mimi. Nilidhani ni uchafu. Kila siku alfajiri, na majivu ya pumba, kama sufuria. Mama hakuharibu kitu. Alinifichia."

Amedeus alitazama miwani zile mbili, akazitazama na zile sufuria kichanjani.

"Kwa hiyo wewe ndiye umemharibia mama macho," alisema. "Halafu mnataka nimwache mikononi mwako."

"Miwani, si macho," alisema Mama Yosefina. "Usichanganye."

Mbuke alikuwa tayari kwa maneno hayo. Yalimuuma vilevile. Hakujitetea. Alikwenda akaleta beseni la maji safi na sabuni, akaisuuza miwani ya Amedeus mpaka maji yakatoka na vumbi, akapaka tone la sabuni kwa ncha za vidole, akasuuza, akakausha na kitambaa cha pamba, akampa shemeji yake kwa mikono miwili.

Amedeus aliivaa. Akapepesa macho. Akamtazama mama yake kama mtu ambaye mpaka hapo alikuwa akimwona kupitia chandarua.

"Wewe hapo," alisema Mama Yosefina, "tangu umekaa umeifuta na shati mara ngapi? Ikikwisha utando na ukamwaga chai, nani atakuja na gari kukuchukua?"

Amedeus alitaka kucheka, akajizuia. "Mama, mimi ninakutakia mema."

"Najua. Na huyu pia. Basi nikuulize swali moja, unijibu kama mtu mzima." Alijiegemeza mbele, na miwani yake iliyonyooshwa haikuteleza hata kidogo. "Huko kwako mnatoka wote alfajiri, mnarudi jua limezama. Sikulaumu, ni kazi. Lakini kwenye nyumba hiyo, nani anaweza kuniharibia miwani kwa kuiosha kila siku?"

Amedeus alimtazama Mbuke, ambaye alikuwa amesimama na beseni mkononi, machozi yanamtiririka na wala hayafuti.

"Lenzi zinafika lini?" aliuliza.

"Wiki ijayo," alisema Mbuke. "Nitazifuata mimi."

Amedeus alitikisa kichwa kukubali, akatoka kwenda garini, akarudi na begi la mama yake na kuliingiza chumbani.