Jiko Lahamishwa Nyuma ya Nyumba

Kalekye alifika Tawa kutoka Kalamba na jogoo kwapani, gunia dogo la ndengu, na nia moja: mkamwana wake Katunge, mwenye mimba changa, lazima ale ashibe. Mwanawe Mwau alikuwa amempigia simu akisema mkewe hali chochote.

"Hali kwa sababu hakuna mpishi," Kalekye alijijibu mwenyewe njia nzima.

Jioni ile ile alikata vitunguu viwili vikubwa akavitia kwenye mafuta ya moto. Kabla havijageuka rangi, Katunge alishuka kitandani, mkono mdomoni, akapita mbio hadi kwenye migomba. Kalekye alibaki na mwiko hewani.

"Mama," Mwau alisema kutoka mlangoni, "sufuria yako imefukuza watu."

"Nyamaza. Nilipokuwa na mimba yako nilikula isyo mpaka siku ya uchungu."

"Ndiyo maana nimefanana na mahindi na maharagwe."

Kesho yake alichemsha jogoo, bila vitunguu, ili kuonyesha kwamba amesikia. Mvuke wa mchuzi ulipoingia chumbani, Katunge alitapika hata maji. Jogoo akaliwa na Mwau peke yake, naye hakuonyesha huzuni yoyote. Kalekye aliudhika kimoyomoyo. Huko Kalamba watu hupigana vikumbo kwa mchuzi wake, na huyu binti aliyeolewa kutoka kijiji cha Kabati anaukimbia kama moshi wa pilipili!

Lakini asubuhi iliyofuata Katunge aliposimama aliyumba akashika ukuta, na hasira ikamtoka mama mkwe mara moja. Walimpeleka zahanati wakimshika huku na huku.

Muuguzi, mama mmoja mcheshi aitwaye Mutie, alimpima presha na mkojo, akamnywesha maji yenye chumvi za kurudisha maji mwilini kwa kijiko, polepole, mpaka yakakaa.

"Bado hatujafika pa kumlaza," alisema. "Lakini maji yakikataa kukaa siku nzima, au mkojo ukiwa mchache na mweusi kama chai ya rangi, mrudi papo hapo. Msingoje kesho."

"Na chakula?" Kalekye aliuliza. "Nimpikie nini?"

"Kitu kikavu kabla hajainuka kitandani: kipande cha mkate au chapati. Kisha kidogo kidogo, tumbo lisikae tupu. Maji anywe kati ya milo, si pamoja na chakula. Na vyakula vilivyopoa, mama. Chakula cha moto hunuka zaidi."

"Nimpe mtu mjamzito kiporo?"

"Kiporo hapana. Kipikwe leo, kipoe, kifunikwe, kiliwe leo."

Basi jiko likahamishwa nyuma ya nyumba, upande ambao upepo hauendi dirishani. Kalekye alichemsha viazi vitamu, akavimenya vilipopoa. Katunge alikula kimoja. Akachemsha ndengu kwa chumvi tu, akazipoza, akazikamulia ndimu. Katunge alizitazama kwa hamu, akanyoosha mkono. Mama mkwe alipomkaribia na bakuli, akageuza uso ukutani.

"Sasa ndengu zimekosa nini?"

"Hazijakosa kitu, Mwaitu, mama yangu."

"Basi ni nini? Sema, mwanangu. Mimi sili watu."

Katunge alificha uso ndani ya leso. "Ni... ni wewe. Ile dawa ya mgongo unayojipaka."

Kila usiku Kalekye alijichua mgongo kwa ile dawa ya kijani ya kopo, kali hata mbu huipisha. Mwau alijaribu kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko.

"Tumehamisha jiko bure," alisema. "Tungekuhamisha wewe."

Kalekye alimtazama, akamtazama Katunge aliyekuwa karibu kulia kwa aibu, kisha naye akaangua kicheko hadi akashika huo mgongo.

"Mjukuu hajazaliwa, tayari ananifukuza!" Akaomba maji ya kuoga na sabuni isiyo na manukato, akabadili nguo zote mpaka kitambaa cha kichwa.

Aliporudi, alisimama mlangoni kama mgeni. "Hodi. Nanuka?"

Katunge alivuta pumzi kwa hadhari. "Hapana, Mwaitu. Karibu."

Alikula ndengu kijiko kwa kijiko, akapumzika, akala tena. Zikakaa. Alasiri akaomba embe bichi lenye chumvi, na Kalekye akalikata vipande vyembamba kana kwamba anakatia harusi.

Jioni Mwau alirudi kutoka sokoni amefurahi, na kifurushi cha nyama choma mkononi. Hakufika hata kizingitini.

"Wewe!" mama yake alimkemea. "Kula huko huko kwenye ua. Na ukimaliza, uoge."