Sauti ya Cadija ya Idi

Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi, saa tatu asubuhi, niliwatumia wateja sitini na mbili sauti ya mke wangu akiwaalika dukani. Mke wangu alikuwa na siku arobaini na moja kaburini.

Sikukusudia ubaya. Nataka hilo lieleweke kwanza.

Banda letu liko sokoni Palma, kaskazini ya Msumbiji, upande wa nguo. Tunauza vitenge, kanga na nguo za watoto. Nasema tunauza, ulimi bado haujazoea. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba, kupanga, kufunga kamba. Kuuza alikuwa anauza Cadija, mke wangu, na yeye hakuuzia dukani, aliuzia kwenye simu. Wateja wetu vita viliwatawanya. Mmoja yuko Mute, mwingine Afungi kwenye mradi wa gesi anapikia vibarua, wengine visiwani, wengine walikimbilia mbali na hawajarudi mpaka leo. Mzigo ukifika kutoka Mtwara, Cadija anapiga picha, anaweka kwenye status, halafu anakaa juu ya bunda, anabonyeza kile kipaza sauti na kuongea. Dakika mbili, tatu. Anacheka humo humo. Wakishamsikia, wanakuja. Asiyeweza kuja anamtuma mtu. Bila wale wateja banda hili halimalizi mwezi, na Idi ndiyo inayotulisha mpaka mvua nyingine.

Cadija alikufa kwa presha, njiani kwenda hospitali. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Tukakodi gari ya mtu, tukafika kwenye kizuizi, tukaambiwa tusubiri msafara wa wakubwa upite. Yakapita magari tisa, yote yana mafuta. Tuliporuhusiwa, nilikuwa nimeshika mkono wa maiti. Mpaka leo hakuna aliyekuja kuniambia hata pole ya uongo.

Basi siku hiyo ya Jumatano mabunda mawili yalikuwa yamefika jana yake. Cadija aliyaagiza mwenyewe mwezi wa kwanza, kabla hajafa. Nikayafungua, nikapiga picha, nikaziweka kwenye status. Simu ni yake, namba ni yake, wateja wameihifadhi kwa jina lake. Yakabaki maneno. Nikabonyeza kipaza sauti, nikasema, "Asalaam aleikum, mzigo..." Nikafuta. Nikaanza tena, "Jamani, mimi ni Adamo, mume wa..." Nikafuta. Mara ya sita nilikuwa natokwa jasho kama mtu anayehojiwa na polisi. Kuandika siwezi. Shule niliishia darasa la tatu, mwalimu wetu alikaa miezi minane bila mshahara, akaondoka kwenda kuvua. Hilo nalo nani kaulizwa?

Ndipo nilipopandisha juu kwenye mazungumzo ya mteja mmoja, nikaikuta sauti ya Cadija ya Idi iliyopita. Nikaifungua.

"Asalaam aleikum ndugu zangu, na nyie wa kanisani bom dia! Mzigo wa Idi umefika, umefika kweli kweli. Vitenge vya nta, kanga jozi kwa jozi, magauni ya watoto mpaka miaka kumi. Picha ziko kwenye status, angalieni vizuri msije mkasema sikusema. Mimi nipo dukani mpaka saa kumi na moja..."

Hapo nikazima. Sikusikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa ni mzigo uleule, Idi ileile, maneno yaleyale niliyokuwa nayatafuta. Nikasema, haya tu yanatosha, nitayapitisha. Simu inakubali kupitisha kwa watu watano tu kwa mara moja, kwa hiyo nikapitisha watano, watano, mpaka wakaisha. Na kwa kuwa sauti ilitoka kwenye simu hiyohiyo, haikuandika juu yake kwamba imepitishwa. Ilikwenda kama mpya. Kama Cadija amekaa pale juu ya bunda asubuhi ile.

Nilijua wa mjini wana habari za msiba. Nilifikiri watasikia sauti, watamkumbuka, watakuja. Wa mbali wasiojua, nilifikiri nitawaambia taratibu, mmoja mmoja, wakishafika. Ndivyo nilivyofikiri. Mtu akiwa peke yake anafikiri vibaya.

Saa sita akaja Domingas. Huyu ni Mmakonde wa Mute, mkulima, mteja wetu tangu kabla ya vita. Alishuka kwenye pikipiki ana mfuko wa unga wa muhogo kichwani, akauweka kwenye meza yangu.

"Wa futari ya Cadija," alisema. "Yuko wapi mwenzangu?"

Ningesema hapo hapo. Neno moja tu. Badala yake nikasema, "Katoka kidogo."

"Namsubiri."

Akakaa kwenye benchi. Nikamwonyesha vitenge, akavigusa bila kuviangalia. Nikamwambia jua kali, barabara mbaya, asije akachelewa pikipiki. Akacheka.

"Kaka Adamo, unanifukuza? Mimi nimelala Mute na bunduki zinalia, leo nitaogopa jua?"

Nikacheka naye. Banda lina mlango mmoja na yeye amekaa mlangoni. Kila aliyepita nje nilimwombea apite tu, asisimame, asije akanipa pole mbele yake.

Mwishowe akaitoa simu yake. "Unajua kilichonileta? Sikiliza hapa." Akaifungua sauti, akaisogeza mbele, akapita pale nilipoizima mimi. Cadija akaongea katikati yetu:

"...na wewe Domingas wa Mute, kile chako cha maua ya njano nimekiweka chini ya meza, usimwambie mtu. Ukichelewa nakivaa mwenyewe!"

Nilitazama chini ya meza. Naapa nilitazama.

"Cha maua ya njano nilichukua Idi iliyopita," alisema Domingas. "Nimekivaa mpaka kimepauka. Cadija hajawahi kunipa kitambaa kimoja mara mbili. Anakumbuka hata nilichovaa kwenye ndoa ya mwanangu. Niliposikia hivi nikasema, mwenzangu kachanganyikiwa, anaumwa. Ndiyo nikapanda pikipiki. Niambie ukweli, anaumwa?"

"Alikuwa anaumwa," nilisema.

"Na sasa?"

Zubeida aliingia kama upepo. Zubeida ni mdogo wake Cadija, anakaa mtaa wa pili, na simu yake ilikuwa mkononi imewashwa.

"Shemeji! Huna haya! Mama yangu amesikia sauti ya mwanawe, ameanguka jikoni! Arobaini tumeisoma juzi, leo unamfufua akuuzie vitambaa?"

"Mama yako sikumtumia, shemeji."

"Wametumiana! Unadhani kitu kama hicho kinakaa kwa mtu mmoja? Futa. Futa sasa hivi, mbele yangu."

Nilishika simu. Zubeida akaninyang'anya, akafungua mteja wa kwanza, akabonyeza, akachagua pale panapoandikwa futa kwa wote. Moja. Akafungua wa pili. Wa tatu alikuwa ameshasikiliza, kile kipaza sauti kidogo kimegeuka buluu. Wa nne vilevile, buluu. Zubeida akapunguza kasi. Unaweza kuifuta kwenye simu ya mtu, kwenye masikio yake hutaifuta.

Domingas alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

"Amekufa lini?"

"Mwisho wa Januari," alisema Zubeida.

"Na mimi sikuitwa."

Hili ndilo lililoniumiza kuliko kelele za shemeji. Hakulia, hakunitukana. Aliutazama mfuko wake wa unga juu ya meza kama mtu anayefikiri aurudishe au auache. Nikaanza kumweleza habari za kizuizi, msafara, magari tisa, mafuta. Nilieleza mpaka povu likanitoka. Domingas akanikata.

"Wakubwa wana yao, Mungu atawauliza. Lakini kunificha mimi msiba wa mwenzangu, hakuna mkubwa aliyekuagiza."

"Msema kweli huyo mama," alisema Zubeida, akanirudishia simu. "Haya, shemeji. Waambie kwa mdomo wako. Wote."

"Siwezi."

"Basi funga banda."

Walisimama wote wawili mlangoni, huyu kulia na huyu kushoto. Nikakaa. Si juu ya bunda. Bunda lilikuwa pale, lakini nilikaa chini, kwenye mkeka. Nikabonyeza kipaza sauti na safari hii sikuinua kidole.

"Asalaam aleikum. Mimi ni Adamo, mume wake Cadija. Sauti mliyosikia leo ni ya Idi iliyopita. Nimeituma mimi. Cadija amefariki tarehe thelathini Januari. Wengine sikuwaambia, nisameheni. Mzigo upo kweli, aliuagiza yeye. Vitenge, kanga na nguo za watoto, ndizo mnazoziona kwenye picha. Hakuna aliyewekewa kitu chini ya meza. Mimi nipo. Anayetaka kuja, aje."

Nikaituma kwa wa kwanza, kisha nikaipitisha tena, watano, watano. Zubeida alihesabu mpaka sitini na mbili, akajifunga kanga vizuri, akasema anakwenda kumwangalia mama yake. Hakuniaga.

Domingas akaendelea kukaa. Akafunua kitenge kimoja cha bluu, akakirudisha. Akafunua cha kahawia. "Hiki hapana," alisema peke yake. "Angenicheka."

Simu ikaanza kutikisika. Poleni. Innalillahi. Mmoja aliandika kwa Kireno, Domingas akanisomea, ni pole pia. Mwingine akatuma kilio kitupu, sekunde kumi na nne. Mmoja akaandika kwamba kwa mtu wa namna yangu hanunui hata sindano. Hiyo nayo nikamwambia Domingas anisomee mpaka mwisho.

Kisha ikaja sauti ya Nélia, yule anayepika Afungi. Pikipiki ya kumrudisha Domingas ilikuwa inapiga honi nje, akasimama mlangoni asikilize kabla hajatoka.

"Kaka Adamo, pole. Nimekaa stoo hapa nalia, wenzangu wanadhani vitunguu. Sikiliza. Mimi huku ndani ya uzio siruhusiwi kutoka mpaka siku ya Idi yenyewe, na picha zako sizioni vizuri, rede mbaya, mtandao unakatikakatika. Miaka yote sikuwahi kuchagua. Namwambia Cadija niwekee, ananiwekea, na kila mara ni chenyewe. Anajua rangi yangu, anajua sherehe yangu, anajua na mume wangu anapenda nini. Sasa nitume mtu achukue kipi?"

Domingas alinitazama. Mimi nikatazama vitenge, vimepangana mpaka juu kwenye bati, sijui kimoja ni cha nani. Nikabonyeza kipaza sauti, sekunde zikaanza kuhesabika, nikaachia, nikafuta. Nikabonyeza tena. Nélia huyu, ambaye nimemfungia mzigo wake kwa mikono yangu miaka sita, anapenda rangi gani?