Kiungulia cha Ngazini

Kocha alishafungua na kufunga kamba za viatu vyake mara tatu, na bado miguu ilikuwa inamwasha. Alipanda hatua kumi kwenye barabara ya mwinuko, akashuka, akatazama saa. Jua lilikuwa halijakaza. Mtoto kamwacha kwa bibi yake, ameshiba, amelala, na kichwa cha Kocha hakikuwa kwa mtoto. Kilikuwa kwenye karatasi.

Chuo cha jioni anakosomea ukocha kilitaka awapime watu sita mapigo yao ya juu kabisa, yale ambayo moyo ukishayafikia hauna pengine pa kwenda. Watano alishawamaliza. Mwisho wa kupeleka majibu ni kesho saa nne. Wa sita alitakiwa kuwa mama mmoja muuza vitambaa, lakini juzi alipoandika kwenye fomu kwamba anameza vidonge vya presha, Kocha akamwambia hapana. Vingine kati ya vidonge vile vinayashika mapigo yasipande, namba itakuwa ya uongo. Na mwenye presha hakimbizwi mpaka pumzi ya mwisho bila ruhusa ya daktari. Mama yule alinuna.

Ndipo akajitolea Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, miaka hamsini na mbili, na ndiye aliyemfundisha Kocha hesabu darasa la jioni, wakati Kocha ana mimba ya miezi minane, daftari likiegemea tumbo. Kumwambia hapana Mwalimu kulikuwa kama kumwambia hapana baba.

"Haya, mwanangu, nifunge huo mshipi," alisema, akiinua mikono.

Kocha alilowesha mkanda wa kupimia mapigo kwa maji ili ushike ngozi, akamfunga chini ya kifua. Kinyozi, ambaye alipimwa wiki iliyopita na sasa alikuja kusaidia tu, alicheka.

"Mwalimu umefungwa kama mzigo wa sokoni."

"Nyamaza wewe. Namba yako wameipata, acha na mimi nitafute yangu."

"Si utoe tu miaka yako kwenye mia mbili na ishirini? Mia moja sitini na nane, tukanywe chai."

Mwalimu alimgeukia kama kamkuta anaibia kwenye mtihani. "Huo ni wastani! Wastani wa viatu vya darasa langu ni namba saba. Haya, wote wavae saba, tuone nani atatembea!"

Walicheka. Mwalimu alisema kweli. Kinyozi mwenyewe, kwa hesabu ile, alitakiwa kuishia mia moja themanini na tano, na mlimani alifika mia moja tisini na nane. Ndiyo maana ya kipimo: unapasha mwili joto robo saa, unapanda mwinuko wa dakika mbili kwa nguvu, unashuka pole pole, unapanda tena kwa nguvu zaidi, mara ya tatu unatoa kila ulichonacho, na namba kubwa kuliko zote inayoonekana kwenye saa ndiyo yako, au iko jirani kabisa.

Kocha alishika fomu. Aliuliza kwa sauti, ingawa majibu yalikuwa yameshaandikwa.

"Ugonjwa wa moyo?"

"Sina."

"Presha, sukari?"

"Sina, sina."

"Umewahi kuzimia ukifanya mazoezi? Kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana? Mafua, homa, wiki hizi mbili?"

"Hapana zote."

"Maumivu ya kifua?"

"Hapana. Kocha, jua linapanda."

Wakapasha. Mwalimu alikimbia vizuri, mabega yametulia, akisimulia hadithi ya mwanafunzi aliyeandika jibu sahihi kwa swali lisilo lake. Kocha alipaswa kufurahi. Badala yake alikuwa anasikiliza pumzi ya Mwalimu kama anayesikiliza mtoto chumba cha pili.

Mlima wa kwanza: mia moja arobaini na nne. Mwalimu alifika juu, akasimama, akaupa mwinuko mgongo. Akagonga kifua kwa ngumi mara mbili, akajaribu kucheua, kisha akatoa mfukoni kidonge cheupe cha kutafuna.

"Hicho nini, Mwalimu?"

"Cha kiungulia. Dakika moja tu, kitashuka."

"Umekula nini?"

"Sijala. Si ulituambia tusijaze tumbo?"

Kocha aliacha kutazama saa. "Kiungulia bila chakula?"

"Mwanangu, hiki nakijua, tumezoeana. Kinanipata ngazini. Darasa langu liko ghorofa ya pili. Nikifika ubao wa matangazo nasimama, najifanya nasoma, kinaisha, naendelea." Alitabasamu. "Matangazo yote ya shule nayajua kwa kichwa."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili hivi. Haya, twende wa pili."

"Kinakupata umekaa? Usiku, umelala?"

"Hapana. Nikipanda tu."

Kocha alikuwa ameuliza maumivu ya kifua, na Mwalimu amejibu kweli kama anavyoijua: yeye hana maumivu, ana kiungulia. Lakini tumbo halijui ngazi. Kitu kinachokuja ukipanda na kuondoka ukisimama si cha tumbo.

"Keti chini, Mwalimu."

"Niketi? Nina milima miwili!"

"Nimesema keti chini!"

Sauti ilitoka kali hadi Kinyozi akarudi nyuma. Hakuna aliyewahi kumfokea Mwalimu. Aliketi kwenye ukingo wa barabara, uso umemshuka, na Kocha akapiga magoti kumfungua mkanda.

"Unanivua mbele za watu," alisema taratibu. "Na karatasi yako je? Si utafeli?"

"Nitafeli."

"Basi acha nimalize, mtoto wewe. Dakika sita tu."

Kocha aliufungua mkanda. Dakika sita. Namba ingekuwa nzuri, safi, ya sita. "Bado kinakubana?"

"Kimeshaondoka. Si nilikwambia?"

"Ndicho kinachonitisha. Kinyozi, lete gari lako. Tunakwenda zahanati sasa hivi."

Zahanati walimpima umeme wa moyo akiwa amelala, na karatasi ikatoka safi. Mwalimu alimkodolea Kocha jicho la ushindi. Lakini daktari, aliposikia habari ya ubao wa matangazo, alikunja uso. Alisema moyo uliopumzika unaweza kuficha mengi, akampa dawa, akamkataza ngazi na mbio, akamwandikia barua ya hospitali kubwa.

Siku ya nne walimpandisha kwenye mashine ya kutembelea, ile ya mkanda unaozunguka, nyaya zimejaa kifuani, daktari kando yake na vifaa vya dharura tayari. Kocha alikuwa kwenye benchi la nje pamoja na mke wa Mwalimu. Mlango ulifunguliwa mapema mno.

"Na wao wamenisimamisha," alisema Mwalimu, amevaa shati la hospitali. "Mia moja thelathini na moja. Hata mlima mmoja hawajanipa." Alijaribu kucheka, akashindwa. Alikaa kati yao. "Wanasema mishipa yangu miwili ya moyo imebana. Wananilaza leo, kesho wanaingia kuutanua mmoja. Nimemuuliza daktari, je, ningepanda ule wa tatu? Akaagiza niletewe kiti cha magurudumu."

Mkewe alimshika mkono.

"Ulinifokea," Mwalimu alimwambia Kocha.

"Nilikufokea. Nisamehe."

"Usithubutu kuomba msamaha! Nikitoka humu nikakwambia nataka namba yangu, nifokee hivyo hivyo."

Muuguzi akaja na kiti cha magurudumu. Mwalimu alikikataa, akakumbuka, akakikalia. Kocha alibaki akitembea huku na huko kwenye korido, mpaka mke wa Mwalimu akamwambia, "Mwanangu, kaa basi, unanizungusha kichwa." Alikaa. Akahesabu pumzi tano, akasimama tena.