Kuna Mtu Anauliza

Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni aliposema, "Dada, kuna mtu anauliza. Mwenye hela zake aziweke wapi zizae?"

Mteja aliyesimama mbele ya kioo alikuwa akifanya kazi kwa madalali wa hisa. Akacheka. "Mtu gani huyo? Ana kiasi gani? Atazitaka lini? Anadaiwa?"

Kwenye cherehani ya pili, wifi yake fundi alipunguza mguu, akatega sikio. Wifi huyo ndiye aliyemdhamini fundi kwenye kikundi cha akina mama, mkopo wa riba ya kila mwezi ambao ulikuwa bado haujaisha. Hakujua kwamba mafao ya marehemu kaka yake, mume wa fundi, yalikwisha kutoka. Fundi akameza majibu yote.

"Aa, mtu tu. Geuka kidogo."

"Basi namjibu mtu tu. Wengi hununua hisa za kampuni imara wakatulia nazo miaka. Ila bei hupanda na kushuka. Akipoteza theluthi, atapata usingizi?"

"Atalala fofofo," fundi akajibu upesi, maana wifi alikuwa amekohoa.

Katika maneno yote yale alibaki na moja tu: hisa. Akapeleka mafao yote huko, na ndiyo hayo hayo yaliyokuwa ya chuo cha uuguzi cha bintiye, ada ikitakiwa kabla ya mwaka kuisha. Deni la kikundi akaliacha lijizalie. Riba haina likizo.

Bei ikateremka. Fundi aliitazama kwenye simu kama anayetazama nguo ya mtu mwingine, kisha akaendelea kushona. Ada ilipowadia akaenda kuuza.

"Mama, ungengoja," karani wa dalali alimwambia. "Kampuni haijafa, bei ndiyo imelala."

"Chuo hakingoji."

Dalali alipokata chake, zilizorudi hazikufika theluthi mbili ya alizopeleka. Wiki hiyo hiyo kikundi kikambishia hodi mdhamini. Wifi hakupiga kelele, heri angepiga.

"Siku ile ungesema, ningekwambia lipa deni kwanza, za chuo ziache benki. Mficha uchi hazai, wifi yangu."

Fundi akalipa deni. Kilichobaki hakikutosha hata muhula mmoja. Sare nyeupe aliyokwisha kumshonea binti ikabaki msumarini, na binti akakaa kwenye cherehani ya tatu kujifunza kupiga pindo. Akiitwa, huitika "Abee, mama." Kisha huinamia pindo lake.

Siku moja mteja akarudi kushonesha gauni jingine.

"Yule mtu wako aliishia wapi?"

Cherehani ya tatu ikanyamaza. Fundi akaikunjua futi yake.

"Nyanyua mikono, dada," alisema. Akampima mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Kisha akauliza gauni linatakiwa lini, na la shughuli gani.