Themanini ya Mama Mkwe

Fundi simu alimzawadia mama mkwe wake simu, akaiwekea kikomo chaji isipite asilimia themanini, betri isichoke mapema. Kumweleza, akasahau. Wiki haijaisha, mama huyo dukani, na wateja watatu wamekaa benchini.

"Baba, umenipa simu mgonjwa! Nachomeka usiku kucha, asubuhi themanini tu!"

Wateja wakatazamana. Kama mkwewe anampa mbovu, wao je? Fundi jasho likamtoka. Akaondoa kikomo, akawasha chaji ya kujifunza.

"Hii, mama, itasoma saa unayoichomoa. Itakaa themanini, ikikaribia saa yako ya kuamka, kumi na moja alfajiri, ndipo imalizie."

Siku za mwanzo simu ilikuwa bado haijamzoea, ikawa inajaa mia mapema tu. Mama akamsifu fundi mtaa mzima. Wiki ya tatu akarudi mbiombio, benchi limejaa.

"Ugonjwa umerudi! Nimeichungulia saa nane usiku, themanini!"

"Na ulipoichomoa alfajiri?"

Mama akashusha sauti. "Ilikuwa mia."

"Basi imeshakujua, mama. Wewe lala, usiichungulie."

Mama akaligeukia benchi. "Mmemsikia mkwe wangu? Kanipa simu inayojua naamka saa ngapi. Baba yenu kule nyumbani, mwaka wa arobaini wa ndoa huu, bado ananiuliza!"

Benchi zima likacheka, na mteja wa kwanza akaisogeza simu yake mezani.