Somo la Siku Ishirini na Moja

Miezi mitano tangu kiharusi kimshike, dalali alibakiwa na neno moja tu: hamsini. Akitaka maji, hamsini. Akimwita mkewe, hamsini. Mtu aliyekuwa akipiga mnada mpaka wapita njia wakanunua viti wasivyovihitaji, sasa alilitoa neno hilo kwa sauti safi kabisa, kisha akasikia alichokitamka na kuinamisha kichwa. Alielewa kila kilichosemwa. Kuandika nako kuligoma; kalamu katika mkono wa kushoto ilichora mistari isiyo na herufi.

Mkewe, fundi cherehani, alimpeleka hospitali kila Alhamisi kwa mtaalamu wa usemi. Huko walitumia picha, nyimbo, na sauti ya kwanza ya neno. Mtaalamu alimwambia fundi kwamba akimtajia siku ya kupona atakuwa amemdanganya. Fundi alilishukuru jibu hilo mbele za Mungu, ingawa lilimuuma. Harusi ya binti yao ilikuwa imebakiza wiki nne, na dalali alitaka kumpa mwanawe baraka kwa kinywa chake mwenyewe.

Ndipo wifi yake fundi, dada wa dalali, akaja na simu. Wifi huyu walimwita Redio kwa sababu habari haikulala kwake. Alikuwa amepata somo la kulipia mtandaoni: sauti irudi kwa siku ishirini na moja. Ndugu walishachanga. Dalali alipoitazama video ya mzee akiimba baada ya kuwa bubu, machozi yalimtoka, akakigonga kioo kwa kidole. Hamsini, hamsini.

Fundi aliomba wasubiri hadi jioni. Ukurasa wa somo ulisema bei ingepanda baada ya muda wa saa mbili. Aliufungua asubuhi, akaufungua adhuhuri, akaufungua tena alasiri. Kila mara hesabu ya muda ilianza upya kwenye saa mbili. Alitafuta jina la mwalimu na mahali alikosomea, hakuona. Shuhuda zilikuwa nyingi, lakini hakuna hata mmoja aliyesema alikuwa anaumwa nini hasa. Masomo yenyewe, kwa maelezo yao, yalikuwa kupuliza na kunyoosha ulimi. Ulimi wa dalali haukuwa na kasoro. Maneno ndiyo yaliyokuwa hayaji.

"Wifi, unangoja nini?" Redio aliuliza. "Au umezoea nyumba kimya?"

Fundi akaichukua simu. Hakuwahi kukata kitambaa kabla ya kumpima mtu, na wauza somo hawa hawakuuliza lolote. Akapiga namba ya wauzaji, akaweka spika. Kijana mwenye sauti ya asali akapokea.

Fundi alimweleza hali ya mumewe, akauliza itachukua muda gani. Siku ishirini na moja, mama. Akauliza habari za mtu mwenye ulimi mzito, anayesema kwa kukokota. Siku ishirini na moja. Kisha, huku moyoni akiomba msamaha kwa kumzua mtu asiyekuwepo, akauliza habari za kaka yake aliyezaliwa kiziwi na hajawahi kutamka neno.

"Huyo pia, mama. Ishirini na moja."

"Na nani somo hili halimfai?"

"Asiye na imani. Huyo ndiye anayefeli."

Kuhusu kurudishiwa fedha, alisema inawezekana, mradi mgonjwa atume video kila siku bila kuruka hata moja, na wao wenyewe wahakikishe kwamba alijitahidi. Fundi akamshukuru, akakata simu.

Redio alikaa akisokota ncha ya mtandio. Hakuwa mjinga, alikuwa tu na kaka mgonjwa. Mwishowe akasema labda wajaribu tu, kwani hakuna ajuaye kilichomo ndani ya yai kabla halijaanguliwa.

"Na siku ya ishirini na mbili," fundi akasema, "nani angemwambia kwamba hakuamini vya kutosha?"

Hapo ndipo wote wawili walipokumbuka kwamba dalali alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na alikuwa amesikia yote. Aliyeishi kwa kuuza hakuhitaji kufafanuliwa. Aliwajua wauza mbuzi kwenye gunia kabla huyo kijana hajazaliwa. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu aliyekuwa akihesabu siku kimoyomoyo, sasa hesabu ikakatika.

Redio aliaga bila maneno mengi, akaahidi kuwarudishia ndugu michango yao.

Fundi akavuta kigoda, akamshika mumewe mkono wa kulia, ule usiokuwa na nguvu. Akamuuliza kwa upole: siku ya harusi, je, mdogo wake aseme kwa niaba yake? Au yeye mwenyewe asimame tu karibu na binti, amwekee mkono kichwani? Tangu augue, macho ya dalali ndiyo yaliyokuwa yakimjibu: akiyainua ni ndiyo, akiyashusha ni hapana.

Dalali aliyafumba.

Fundi hakuuliza tena. Aliomba kimya, bila kumtajia Mungu siku, akabaki na ule mkono mpaka chumba kikaingia kiza na hakuna aliyesimama kuwasha taa.